Barua kwa Wenye Malori

Tuseme una duka la jumla Kisumu na bohari ndogo Kendu Bay na Homa Bay. Ukiiandikia kampuni ya malori kwamba Kendu Bay ni kilomita 70 na Homa Bay 100, karani huenda akajumlisha 170, ilhali lori hupita Kendu Bay likienda Homa Bay. Afadhali uandike hivi:

"Kwa Meneja. Naomba bei ya kusafirisha magunia 60 ya sukari, kila moja kilo 50, yaani tani 3, kupitia Ahero na Katito. Kisumu hadi Kendu Bay ni takribani kilomita 70, yashushwe 20. Kendu Bay hadi Homa Bay ni kama 30, yashushwe 40. Tafadhali eleza kama bei ni pamoja na wapakuzi na lori kurudi tupu."

Usipime kwa rula kwenye ramani. Rula huvuka Ghuba ya Winam, lori huizunguka.

Hilo la kurudi tupu ndilo huzua ugomvi, maana kilomita 100 huweza kuwa 200 kwenye ankara. Kama una omena ya kuleta Kisumu, itaje humo humo baruani, kabla bei haijapangwa.