Barabara Moja, Safari Mbili

Watoto wa shule nchini Tanzania hufundishwa kutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena kabla ya kuvuka. Kanuni hiyo ni sahihi kwa barabara isiyogawanywa. Katika barabara pana yenye kisiwa cha katikati, kama ile ya Mandela jijini Dar es Salaam, inamchanganya mvukaji, kwa kuwa inamfanya ahesabu magari ya pande mbili kwa wakati mmoja. Wanaolipia mkanganyiko huo zaidi ni wagonjwa wanaotoka wodini wakiwa hawajapona sawasawa.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 58 aliyevunjika mfupa wa muundi, akaruhusiwa kwenda nyumbani na magongo mawili. Amefundishwa kupanda ngazi na kuketi chooni. Kuhusu barabara ameambiwa tu, “Mama, uwe mwangalifu.” Kauli hiyo ina heshima, lakini haimpi kitu cha kufanyia kazi. Kituo cha daladala cha kuendea kliniki kiko ng’ambo ya pili.

Kinachohitajika ni kipimo. Kila upande wa barabara ya namna hiyo, wenye njia mbili za magari, una upana wa takriban mita 7. Mtaalamu wa fiziotherapia akiweka alama mbili za umbali huo kwenye ukumbi wa wodi na kushika saa, atapata jibu kwa dakika moja. Tuseme mama huyu ametumia sekunde 14. Ziongezwe 3 za kushuka na kupanda ukingo, ziwe 17. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Kwa hiyo anahitaji nafasi tupu ya kama mita 240; nguzo za taa zikiachana mita 40, hizo ni nafasi sita. Dereva akikimbia kilomita 80, nafasi hiyo yafika karibu mita 380.

Akitaka kuvuka pande zote mbili kwa mkupuo mmoja, pamoja na kisiwa cha mita 3, atatumia sekunde 40, na atahitaji zaidi ya mita 500 tupu kutoka kulia na kutoka kushoto kwa wakati uleule. Nafasi ya namna hiyo ni nadra mchana. Ndiyo maana anayeitafuta huchoka kungoja, kisha huingia barabarani kwa kukata tamaa.

Basi avuke mara mbili. Kwa kuwa magari hupita kushoto, upande wa kwanza hatari hutoka kulia. Akifika kisiwani, anaanza upya na kutazama kushoto. Jicho litupwe pia upande wa pili, maana bodaboda hawajali sana mwelekeo. Gari la njia ya karibu likisimama kumpisha, asikimbilie shukrani: asimame usawa wa pua ya gari hilo, achungulie njia ya pili, ambako dereva mwingine huenda hajamwona kabisa.

Kusubiri katikati nako kuna namna yake. Upenyo uliokatwa kwenye kisiwa ili magari yageuke si mahali pa kusimama mtu, kwani gari linalogeuka hukata kona na nyuma yake hufagia ukingo. Asimame juu ya sehemu iliyoinuliwa, kando ya upenyo, ncha za magongo zikiwa ndani ya ukingo, uso ukielekea magari ya upande anaouendea. Kiti cha magurudumu na msukumaji wake huhitaji kina cha kama mita 2. Kisiwa kikiwa chembamba kuliko hapo, miguu ya mgonjwa hubaki njiani. Afadhali atafute kivuko chenye taa, hata kama ni mbali. Penye njia za mabasi ya mwendokasi katikati, zihesabiwe kuwa barabara ya tatu, nayo mabasi hutoka pande zote mbili.

Kipimo hiki kina mipaka. Mwenye mtoto wa jicho huweza kuona gari bila kutambua kasi yake, na wazee wengi huamua kwa kutazama umbali tu. Pikipiki, kwa udogo wake, huonekana iko mbali kuliko ilivyo. Hao wasivuke peke yao usiku, hata wakitembea upesi.

Wako watakaosema kwamba kazi hii ni ya askari wa usalama barabarani. Lakini askari hajui kuwa mama anatumia sekunde 17. Anayejua ni aliyemtembeza ukumbini, na namba hiyo ingeweza kuandikwa kwenye karatasi ya ruhusa, chini ya tarehe ya kurudi kliniki.