Kauli Iliyofutwa: Alfa ya Cronbach na Sauti ya Mama wa Bariadi

Katika tasnifu nyingi za uzamili wa uuguzi, sura ya tatu ina sentensi moja ambayo haibadiliki sana kutoka chuo hadi chuo: alfa ya Cronbach ilikuwa kubwa kuliko 0.70, hivyo dodoso lilionekana kuwa la kuaminika. Msimamizi huisoma, huitikia kwa kichwa na kufungua ukurasa unaofuata. Mtahini wa nje mara nyingi hufanya vivyo hivyo. Ni sentensi fupi mno kwa kazi iliyokusudiwa kufanya, na wakati mwingine huficha jambo ambalo mama aliyejifungua alilisema na ambalo mtafiti alilifuta bila kujua.

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na kufanya makao yake makuu Bariadi, unatoa mfano unaofaa. Ichukuliwe kwamba muuguzi mwanafunzi anataka kupima namna akina mama wanavyohudumiwa katika wodi za wazazi za Bariadi na Itilima. Kwa Afrika Mashariki hana haja ya kuanza na karatasi tupu. Kipimo cha huduma ya uzazi inayomjali mtu, kilichotengenezwa nchini Kenya na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2017 na Patience Afulani na wenzake, kina maswali 30 yaliyogawanyika katika mafungu matatu: utu na heshima, mawasiliano na uhuru wa kuamua, na huduma ya kumsaidia mama. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, yaani kutoka "hapana, kamwe" hadi "ndiyo, wakati wote". Mengi ya maswali hayo huuliza mambo mema. Machache huuliza mabaya, kama vile kufokewa au kutendewa kwa ukali.

Namba zinazofuata ni za mfano wa hesabu tu. Mwanafunzi anajaribisha fungu dogo la kauli sita kwa akina mama 40. Kauli tano ni njema: nilipokelewa kwa heshima, nilisitiriwa nilipopimwa, niliitwa kwa jina langu, siri zangu zilitunzwa, wahudumu walikuwa wakarimu. Ya sita ni hii: "Wahudumu walinifokea."

Alfa huuliza swali rahisi: je, majibu ya mtu mmoja kwa kauli hizi yanakwenda pamoja? Mama aliyeipa kauli ya kwanza alama ya juu, je, ameelekea kuipa na ya pili alama ya juu? Yakienda pamoja, jumla za alama za akina mama hutofautiana sana, kwa kuwa tofauti ndogo za kila kauli hujilimbikiza upande mmoja. Yasipokwenda pamoja, tofauti hizo hulana zenyewe kwa zenyewe. Fomula aliyoieleza Lee Cronbach mwaka 1951 hulinganisha vitu hivyo viwili:

```
alfa = k/(k-1) × (1 - jumla ya V za kauli / V ya jumla)
```

Hapa k ni idadi ya kauli na V ni kiasi cha mtawanyiko wa alama. Katika mfano huu, mitawanyiko ya kauli sita ikijumlishwa inafika 4.0, na mtawanyiko wa alama za jumla ni 6.8. Alfa ni 6/5 × (1 - 4.0/6.8), yaani 0.49. Mwanafunzi anashtuka. Anatazama jedwali la SPSS, safu iliyoandikwa `Cronbach's Alpha if Item Deleted`, na kuona kwamba akiifuta kauli ya sita alfa inapanda hadi 0.80. Anaifuta. Sura ya tatu imekamilika, na dodoso "limeonekana kuwa la kuaminika".

Hapo ndipo kosa lilipo. Safu ya jirani, `Corrected Item-Total Correlation`, ilionyesha -0.53 kwa kauli hiyo. Namba hasi yenye ukubwa huo haisemi kwamba kauli ni mbovu. Inasema kwamba kauli inahusiana sana na zile nyingine, ila inakwenda kinyume nazo, jambo ambalo mtu angelitarajia: mama aliyeheshimiwa hakufokewa. Alama zake zilipaswa kugeuzwa kabla ya kujumlishwa, ili 3 iwe 0 na 0 iwe 3:

```
RECODE q6 (0=3) (1=2) (2=1) (3=0) INTO q6g.
EXECUTE.
```

Baada ya kugeuza, mtawanyiko wa jumla unakuwa 12.4, na alfa inakuwa 6/5 × (1 - 4.0/12.4), yaani 0.81. Msomaji azilinganishe namba hizo mbili. Kufuta kulileta 0.80, kurekebisha kumeleta 0.81. Kwa jicho la alfa, njia hizo karibu ni sawa. Kwa jicho la mama wa Itilima si sawa hata kidogo, maana njia ya kwanza imetoa kipimo cha heshima ambacho hakiulizi tena kama alifokewa.

Hiyo ndiyo hali nyepesi. Ipo nyingine ngumu zaidi, na katika Simiyu inatarajiwa kutokea: mwanafunzi amegeuza alama ipasavyo, lakini kauli ya sita bado haiendi na wenzake, au hata sasa ndiyo imekuwa hasi. Sababu mbili zafaa kuchunguzwa kabla ya kugusa kitufe cha kufuta.

Ya kwanza ni lugha. Akina mama wengi wa Simiyu huzungumza Kisukuma nyumbani, na dodoso la Kiswahili hufasiriwa papo hapo na mdadisi, leo hivi na kesho vile. Kiswahili chenyewe kina mtego wake. Mtafsiri akiandika "Wahudumu hawakunifokea", kisha mdadisi akauliza "Hawakukufokea?", mama anayejibu "Ndiyo" anamaanisha kwamba ni kweli, hawakumfokea. Mwingine atajibu "Hapana" akimaanisha jambo lile lile. Majibu mawili yaliyo kinyume yanabeba maana moja, na hakuna hesabu itakayoyatenganisha baadaye. Ndiyo maana kauli hasi iandikwe bila kikanushi, "walinifokea", na tafsiri ya Kisukuma iandikwe mapema, kisha mtu mwingine asiyeiona ya awali airudishe katika Kiswahili ili zilinganishwe.

Sababu ya pili ni adabu. Mama bado yuko kitandani, mtoto yuko kifuani, na anayemuuliza amevaa sare ya uuguzi. "Wahudumu walikuwa wakarimu?" "Ndiyo, sista." "Ulisitiriwa?" "Ndiyo, sista." "Walikufokea?" "Ndiyo, sista." Jibu la mwisho halikuwa shutuma, lilikuwa ni kuitikia tu. Mama mwenye kuitikia kila kitu hupata alama za juu katika kauli zote tano njema, na mwenzake mwenye tabia ya kujibu kwa kusita hupata za wastani katika zote tano. Kwa alfa, huo ni mwenendo wa pamoja, nayo hupanda. Kwa maneno mengine, 0.80 ya kauli tano njema inaweza kuwa kipimo kizuri cha unyenyekevu wa wagonjwa, wala si cha heshima ya wauguzi. Kauli ya sita ndiyo shahidi pekee aliyebaki wa kulifichua hilo, na jedwali linamshauri mwanafunzi amfukuze shahidi.

Namna ya kutambua si ngumu. Mwanafunzi arudi kwenye madodoso yenyewe, ahesabu ni akina mama wangapi waliojibu namna moja toka juu hadi chini, kauli ya sita ikiwemo. Atenganishe waliohojiwa wodini na waliohojiwa baada ya kuruhusiwa, waliohojiwa na mwenye sare na waliohojiwa na asiye nayo. Kasoro ikijikusanya upande mmoja, tatizo si kauli. Na hata kama ataamua kuiondoa, aandike katika tasnifu kwamba aliiondoa, kwa nini, na alfa ilikuwa ngapi kabla.

Limebaki suala la kuisoma namba yenyewe. Kiwango cha 0.70 kinachonukuliwa kila mahali hutajwa kwa jina la Jum Nunnally, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1978 alikiona kinatosha kwa hatua za mwanzo za utafiti; kwa maamuzi yanayomhusu mtu mmoja mmoja alitaka 0.90 au zaidi. Wanaomnukuu kwa nusu ya kwanza ni wengi kuliko wanaofika nusu ya pili. Aidha, alfa hukua kwa wingi wa kauli: maswali 30 yenye uhusiano dhaifu wa wastani wa 0.15 tu baina yao yanatoa alfa ya takriban 0.84, ilhali sita yenye udhaifu ule ule yanatoa 0.51. Kwa hiyo anayetumia kipimo chote cha maswali 30 aripoti alfa ya kila fungu, wala asijifiche nyuma ya ile kubwa ya jumla. Wala asiazime alfa ya Kenya na kuiandika kana kwamba ni yake. Alfa ni sifa ya majibu ya watu fulani, mahali fulani, kwa lugha fulani. Dodoso likivuka mpaka, alfa haivuki nalo.

Kwa akina mama 40, hata 0.81 si namba iliyosimama imara. Thamani halisi inaweza kuwa popote kati ya takriban 0.7 na 0.9. Tena inaweza kugeuzwa kuwa kitu ambacho muuguzi wa zamu ataelewa. Mtawanyiko wa jumla wa 12.4 una mkengeuko wa kawaida wa 3.5. Ukizidishwa na kipeuo cha pili cha (1 - 0.81), kosa la upimaji ni alama 1.5 hivi. Mama aliyepata 10 kati ya 18 anaweza kuwa na alama halisi yoyote kati ya 7 na 13. Kipimo hiki kinafaa kulinganisha wastani wa wodi na wodi. Hakifai kumtaja mama mmoja kuwa aliheshimiwa au alidharauliwa.

Sentensi ya sura ya tatu, basi, ingeweza kuandikwa hivi: "Kwa akina mama 40 waliohojiwa kwa Kisukuma na Kiswahili na wadadisi wasiovaa sare, fungu la utu na heshima lenye kauli sita lilikuwa na alfa ya 0.81, baada ya kugeuza alama za kauli ya kufokewa. Hakuna kauli iliyoondolewa." Ni ndefu kuliko ile ya mazoea kwa mstari mmoja au miwili, na mtahini atakuwa na la kuuliza.