Ugomvi Nao Uwe na Kanuni

Mama mpendwa, kanuni za ugomvi hazitungwi katikati ya ugomvi. Subiri siku ya utulivu, kisha umwandikie mwenzako, kwa mfano hivi:

“Baba watoto, juzi tulipokosana kwa ajili ya ada ya shule, wewe ulitoka ukarudi usiku wa manane, nami nikanuna siku tatu. Ada ikabaki vilevile. Naomba tukubaliane: asiwepo wa kununa, wala wa kuondoka bila kuaga. Anayezidiwa na hasira aseme, ‘Nipe nusu saa,’ na muda ukiisha, yeye mwenyewe aanzishe tena mazungumzo. Wewe ungeongeza nini?”

Nusu saa hiyo ina sababu. Moyo unaodunda kwa hasira huhitaji kama dakika 20 kutulia. Lakini anayeutumia muda huo kupanga majibu makali hatulii. Afadhali afue nguo au atembee uani. Na mapumziko yakisogezwa mpaka kesho, ujue kununa kumerudi kwa jina jingine.

Kanuni hii haifai penye kipigo. Hapo, kuondoka ndiyo salama yako.