"Bei maelewano" humgharimu mwenye mashine

MATANGAZO mengi ya mafundi umeme yanayobandikwa kwenye nguzo na kuta za maduka husema hivi: "Fundi umeme, kazi ya uhakika, bei maelewano." Kwa mwenye mashine ya kusaga nafaka, maneno hayo hayana msaada. Hayamwambii atalipa nini fundi akifika, wala nani atabeba hasara mota ikiungua tena.

Kwa maoni yangu, fundi anayetaka wateja wa kudumu aeleze mambo matatu katika tangazo lake: hatua za kazi, mchanganuo wa bei na masharti ya dhamana. Mwenye mashine naye ayadai kabla mota haijafunguliwa.

Tuanze na hatua. Tangazo zuri lingesomeka hivi: "Tupigie ukiwa na maelezo ya kibati cha mota: kilowati, volti na ampea. Tutakuja kupima kwa Sh 20,000, nauli ikiwemo. Tukishapima utapewa bei kwa maandishi. Ukiikataa, utalipa hiyo Sh 20,000 tu, na mota yako tutaifunga kama tulivyoikuta."

Kupima kuanze kwenye umeme wenyewe. Mashine nyingi za kusaga hutumia mota ya fezi tatu, na kati ya fezi na fezi panatakiwa kuwa na volti 400 hivi. Fezi moja ikikosekana kwenye mita, kazi hiyo ni ya TANESCO. Fundi mkweli atakuambia hivyo, achukue ada yake ya kupima na kuondoka bila kugusa mota.

Sasa bei. Tuchukue mfano wa mota iliyoungua. Fundi wa kwanza anasema kwa mdomo: "Nipe laki na nusu, yote humo." Wa pili anaandika: kupima Sh 20,000, kusuka koili upya kwa waya wa shaba Sh 180,000, beringi mbili Sh 30,000, rilei ya kulinda fezi Sh 60,000, kufunga na kujaribu Sh 30,000. Jumla ni Sh 320,000. Wengi watamkimbilia wa kwanza.

Lakini wa kwanza hajasema anatumia waya gani, wala hajagusa sababu ya mota kuungua. Ikiungua tena baada ya wiki tatu, mteja atatoa laki na nusu nyingine. Mashine ikisimama siku nne, na kwa siku ilikuwa ikimbakizia Sh 25,000, amepoteza Sh 100,000 zaidi. Urahisi huo umemfikisha Sh 400,000, na sababu bado ipo palepale.

Mchanganuo ulioandikwa una faida nyingine: unakaguliwa. Omba uzito wa waya mpya utajwe kwa kilo, na ulinganishe na ule wa zamani uliotolewa. Kata kipande cha waya mpya. Ndani ukiwa mweupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Shaba ya zamani nayo ni mali yako na ina wanunuzi, hivyo bei iseme kama unabaki nayo au imepunguzwa kwenye malipo.

Dhamana ndipo ugomvi unapozuka. "Dhamana miezi mitatu" peke yake haitoshi, kwa sababu mota ikiungua fundi atasema ni umeme, na mteja atasema ni fundi. Koili zenyewe hutoa ushahidi. Mota iliyounganishwa kwa nyota, ikikosa fezi moja huunguza koili za fezi mbili na kuacha za tatu zikiwa safi. Iliyounganishwa kwa delta mara nyingi huunguza za fezi moja tu. Zikiungua zote sawasawa, tafuta mzigo uliozidi au joto. Pakiungua sehemu moja ndogo, mashaka huelekea kwenye usukaji.

Kwa hiyo dhamana iandikwe: "Mota itafunguliwa mbele ya mteja. Kosa likiwa la usukaji, tutarudia bila malipo, waya na nauli juu yetu. Kukosa fezi, kuzidisha mzigo na maji kuingia havimo." Iongezwe pia kwamba ampea za kila fezi zilipimwa siku ya kukabidhi, mashine ikisaga, na ziandikwe kwenye risiti. Zinatakiwa zikaribiane na zisizidi za kwenye kibati.

Mafundi watasema tangazo refu hivyo huwafukuza wateja, na kwamba bei ya waya hubadilika. Hoja hiyo ina ukweli, lakini dawa yake ni kuandika "bei hii ni ya siku saba". Fundi mwenye leseni ya EWURA aitaje namba yake hapo hapo, maana ameihangaikia.

Wewe mwenye mashine, usimruhusu fundi ashike spana kabla hujashika karatasi.