Dhahabu na saruji sekta moja? Soma namba hizi kabla ya kununua hisa

Mkazi wa Makongolosi, wilayani Chunya, anayetaka kununua hisa anaweza kushangaa: kwenye GICS, mfumo wa kupanga kampuni unaotumika sana duniani, dhahabu na saruji ziko sekta moja. Ni sekta ya malighafi, namba 15.

Tofauti inaonekana ukishuka chini. GICS ina ngazi nne: sekta, kundi la tasnia, tasnia na tasnia ndogo. Kila ngazi inaongeza tarakimu mbili. AngloGold Ashanti, yenye mgodi Geita, ni 15104030. Hapo 15 ni sekta, 1510 ni kundi, 151040 ni tasnia ya metali na uchimbaji, na 30 ya mwisho ni dhahabu. Saruji inaachana nayo mapema, kwenye tasnia ya 151020.

Kwa nini ujali? Bei ya dhahabu inapangwa na soko la dunia, wakati saruji inategemea zaidi ujenzi wa hapa hapa. Ukiipima kampuni ya dhahabu kwa faida ya Twiga Cement kisa ni sekta moja, umepotea. Linganisha kwenye tasnia ndogo.

Kinachoamua zaidi ni biashara inayoingiza mapato mengi, sio wateja. Kampuni inayouza makarasha kwa wachimbaji wa Chunya haihesabiwi ya dhahabu. Inaenda sekta ya 20, ya mitambo na huduma za viwandani.

Angalizo: kwenye ICB, mfumo unaotumika Soko la Hisa la London, majina yamegeuzwa. Huko Industry ndiyo ngazi ya juu kabisa, Sector iko chini yake.