Kubadirisha viatu haitoshe, muuzaji atuonyeshe sababu

Wandugu wa kazi, na nyinyi wamama mwenye kubakia ku nyumba, hii mara tunasema juu ya viatu. Muuzaji mumoja, jina yake tunaliacha, alileta viatu vya kazi vilivyochelewa, na vingi vyao vikaachana soli mbele ya miezi miwili. Tulimulalamikia. Akajibu: «Vile vilivyoharibika nimebadirisha, mambo imeisha.» Biro ya kununua vitu inataka kufunga dosie. Sisi delege wa sendika tunasema hapana, isifungwe kwanza.

Tuanze na hesabu, juu muzozo bila hesabu haina nguvu. Komande ilikuwa ya pea 300. Siku ambayo viatu vilitoka mu depo, delege mumoja alikaa pale na kaye. Kwa kila pea aliandika namba ya mutumikaji, fasi anatumika, tarehe ya kupewa, na tarehe ya kutengenezwa kwa kiatu. Hii tarehe ya mwisho wengi hawaiangaliake. Iko imepigwa ku kiatu chenyewe, mara nyingi chini ya soli: duara dogo lenye namba za miezi, mushale unaonyesha mwezi, na mwaka iko katikati.

Kisha miezi miwili, pea 36 zilikuwa zimerudi. Ni 12 kwa kila 100. Kama tungesimama pale, tungemwambia muuzaji tu: «Viatu vyako ni vibaya.» Naye angejibu ile wanajibuka siku zote: «Batu yenu banatumikisha mubaya.» Lakini tulifungua kaye. Katika zile 300, pea 90 zilikuwa na tarehe ya zaidi ya miaka mine mbele ya kuletwa. Pea 210 zilikuwa za mwaka uleule. Kati ya zile 90 za zamani, 31 ziliharibika, karibu moja kwa kila tatu. Kati ya zile 210 mupya, ziliharibika 5 tu.

Sasa sababu inaanza kuonekana. Soli ya vile viatu ni ya poliuretani. Ni nyepesi na inashika muzuri, lakini iko na uzaifu mumoja: maji ya hewa inaikula polepole. Joto na unyevu vinaharakisha ile kazi. Na inaendelea hata kama kiatu kiko mu kartoni, hakuna mutu amekivaa. Kiatu cha miaka mingi mu depo kinaweza kuonekana kipya kabisa, ngozi inang'aa, kumbe soli imeisha kuoza ndani. Mutu anavaa siku kumi, inaanza kuvunjika vipande-vipande kama mukate mukavu. Soli ambayo ilibandikwa mubaya haiko vile: ile inaachana nzima, safi, kama mutu anavua kifuniko. Tuliangalia zile 31 moja kwa moja. Zote zilikuwa zinavunjika kama mukate.

Na zile 5? Zote zilitoka kule ku asidi. Ngozi ilikuwa imekauka na kupasuka, uzi wa mushono umekatika, lakini soli ilikuwa nzima. Ile haiko kosa ya muuzaji. Kampuni iliomba kiatu cha ngozi kwa fasi ambayo inaomba bote za kuvumilia asidi. Tulimuandikia vile waziwazi: hizi 5 hatukuhesabie. Kumwambia mutu ukweli ni kumwambia pia ile ambayo haiko yake. Njo hapo hesabu yako inaaminika.

Kuchelewa nako tulikufanyia hivyo. Viatu vilikuja siku 21 kisha tarehe ya mapatano. Muuzaji alisema ni foleni ya makamio pa Kasumbalesa. Kila mutu wa huku anajua ile foleni, kwa hiyo kila mutu anaitika haraka. Tuliomba karatasi za tarehe tatu: siku alipokea komande yetu, siku yeye alituma komande yake kwa mwenye kumuuzishia, na siku kamio iliingia na kutoka ku mupaka. Tukakuta kamio ilikaa siku 5 tu. Siku zingine 16, komande yetu ilikuwa inalala mu biro yake. Foleni ya mupaka hawezi kuimaliza. Kulala kwa karatasi anaweza. Na zile siku 21, watu walishuka mu karieri na viatu vya zamani vilivyotoboka.

Juu ya ile njo barua yetu, ambayo ilipita mu komite ya usalama na ku biro ya kununua, haikuomba viatu tu. Kubadirisha pea 36 ni kuponya kidonda. Kuondoa kisu ni kazi ingine. Tuliomba raporo yenye kujibu maulizo mine. Ya kwanza: pea zote za ile tarehe ya zamani ziko wapi sasa, pamoja na zile 59 ambazo zingali ku miguu ya watu? Ya pili: alizinunua wapi, na juu ya nini hakuna mutu aliangalia tarehe mbele ya kuzipakia? Ya tatu: atabadirisha nini mu kazi yake, nani atafanya, na mbele ya siku gani? Ya ine: tutajua namna gani kama imekuwa kweli?

Kumbuka zile 59. Kwa maneno ya muuzaji, mambo imeisha. Kwa kaye yetu, kuna watumikaji 59 ambao soli zao zinaweza kuvunjika wakiwa juu ya ngazi ya chuma, na hakuna mutu amewabadirishia.

Raporo yenye kusema «tutaongeza uangalifu» haina kitu. Uangalifu hauna tarehe wala jina. Jibu ya kweli ingekuwa kama hivi: kiatu chenye kupita miezi 12 tangu kutengenezwa hakitaingia mu kamio yetu, mutu fulani ataangalia duara la kila kartoni na kutia sinye, komande itatumwa mbele ya siku tatu. Na depo ya kampuni nayo ifungue kartoni mbele ya kukubali, na itoe kwanza zile za tarehe ya zamani kuliko zingine, juu hata kiatu kipya kinaweza kuzeekea mu depo yetu.

Kuna wenye kusema: «Huyu ni mutoto wa inchi, musimukatie mukate.» Wengine wanasema: «Mumufukuze, tutafute mwingine.» Kwa wote wawili jibu yetu ni moja. Huyo mwingine anaweza kununua ku depo ileile ya zamani, na tutaanza tena ku sifuri. Huyu wa sasa, kama ameonyeshwa kosa yake na hesabu, anaweza kuirekebisha na akabakia na kazi yake.

Kwa hiyo tunaomba biro ya kununua: dosie ibakie wazi mupaka viatu vya komande mbili zenye kuja vihesabiwe na kaye kama hii. Na wewe ndugu, leo magaribi ukivua kiatu, kigeuze uangalie lile duara. Kama mwaka ni wa zamani, au soli inaacha unga ku kidole, usingoje ivunjike. Ulete kwa delege, tuandike.