Mstari Uliochorwa Si Ahadi

Juma hili nakuletea kisa. Watu waliomo ni wa kubuni, lakini bei za dhahabu nilizozitaja ndizo zilizokuwapo sokoni mwaka 2020.

Baba Zuhura alikuwa na duka la vyakula mjini Shinyanga. Sukari, mafuta na sabuni alivichukua kwa mali kauli kutoka kwa mfanyabiashara wa jumla, akalipa baada ya kuuza. Wateja wake wengi walikuwa wachimbaji wadogo wa Mwakitolyo, na kwao ndiko alikoanza kusikia habari za bei ya dhahabu. Mwaka ule wa korona, kila aliyeingia dukani alisema imepanda tena.

Kila usiku, baada ya Isha, alifunga hesabu za duka kisha akafungua chati katika simu yake. Alijifunza kwa bidii. Alijua kwamba bei ya dunia huhesabiwa kwa dola kwa wakia, na kwamba wakia moja ya dhahabu ni gramu 31.1. Alijua pia namna ya kuchora mstari wa mwelekeo: unatafuta mabonde mawili ambamo bei ilishuka kisha ikainuka, unayaunganisha, halafu unauendeleza mstari kuelekea kulia, mahali ambapo siku bado hazijafika.

Mstari wake wa kwanza ulikuwa wa haki. Bonde moja lilikuwa katikati ya Machi, dola 1,450 hivi. La pili lilikuwa mwanzoni mwa Juni, takribani dola 1,670. Katikati yake zilipita siku 80 hivi, na bei ilipanda dola 220. Ukigawanya unapata chini kidogo ya dola 3 kwa siku.

Julai bei ilianza kukimbia. Ilikuwa dola 1,800 hivi katikati ya mwezi, na baada ya Idi ya kuchinja ikavuka 2,000. Mstari wa zamani ulionekana umeachwa chini mno. Baba Zuhura akachora mwingine, mkali kama paa la nyumba, uliopanda zaidi ya dola 10 kila siku. Akauendeleza hadi Septemba, ukagusa dola 2,500. Akamwita mkewe.

"Mama Zuhura, tazama. Mwisho wa Septemba itakuwa hapa."

Mkewe alitazama kwa muda. "Naona bei imefika hapa katikati," alisema. "Hapa kulia ni nani aliyechora?"

"Mimi."

"Basi hiyo ni habari yako, baba. Si habari ya dhahabu."

Alicheka, akamweleza tena. Mwishowe mama akatoa shilingi 3,200,000 alizozipata katika mchezo wa akina mama, kwa kuwa alimwamini mumewe. Baba akaongeza 12,000,000 za mauzo ya duka. Fedha hizo zilikuwa za mfanyabiashara wa jumla, na ahadi ya kuzilipa ilikuwa mwisho wa Novemba.

Alhamisi ya tarehe 6 Agosti alikuwa Geita, kwenye soko la madini lililofunguliwa mwaka 2019. Shemeji yake alikuwa dalali mwenye leseni. Dhahabu ya wachimbaji wadogo haiwi safi kabisa, hivyo hupimwa kwanza usafi wake, kisha uzito wa dhahabu halisi ndio unaolipiwa. Siku ile dola 2,050 kwa wakia, kwa shilingi 2,310 kwa dola, ilikuwa takribani 152,000 kwa gramu safi. Fedha zake zote zikatosha gramu 100, akamwachia shemeji amtunzie mpaka atakaposema uza.

Siku tano baadaye, Jumanne tarehe 11 Agosti, bei ilianguka zaidi ya asilimia 5 kwa siku moja, ikafika karibu na 1,910. Mstari mkali ukakatwa kama uzi. Hapo palikuwa mahali pa kusimama na kujiuliza. Yeye alifuta mstari ule na kuchora mwingine uliolala zaidi, akasema, "Huu ndio wenyewe." Mwishoni mwa Septemba bei ikapita chini ya ule mstari wa haki wa tangu Machi. Akaufuta nao, akachora mwingine. Jumatatu tarehe 9 Novemba zilipotoka habari kwamba chanjo ya korona ya Pfizer imefaulu katika majaribio, bei ilishuka zaidi ya asilimia 4 kwa siku hiyo. Akachora tena.

Mwezi huo alikwenda Nyarugusu kudai deni dogo la duka. Akamkuta mzee mmoja mchimbaji amekaa kando ya duara lililoachwa.

"Maduara yale mawili yalitoa," mzee alisema akinyoosha mkono. "Tukapima kamba kutoka hili hadi lile, tukaivuta mpaka hapa, tukachimba miezi minne. Mawe matupu."

"Kumbe kamba iliwadanganya."

"La, mwanangu. Kamba ilisema kweli juu ya mashimo mawili. Hili la tatu tulilisema sisi."

Baba Zuhura hakujibu. Njiani alifungua simu na kuhesabu mistari aliyokuwa ameifuta tangu Agosti. Ilikuwa minne.

Tarehe 30 Novemba mfanyabiashara wa jumla alipiga simu. Bei siku hiyo ilikuwa kama dola 1,777, yaani takribani shilingi 132,000 kwa gramu. Gramu 100 zilileta 13,200,000, na mnunuzi alipobakiza chake zikawa 13,000,000. Deni likachukua milioni 12. Milioni moja aliyobaki nayo aliiweka mbele ya mkewe, mahali pa zile 3,200,000.

"Zilizobaki nitakulipa kidogo kidogo," alisema. "Uliniuliza ni nani aliyechora. Sikukusikia."

Mama Zuhura alizihesabu, akazifunga katika kanga. "Nimesikia," alisema. "Tutaandika kwenye daftari la duka, kama deni la mtu mwingine yeyote."

Msomaji mpendwa, huenda mtu akasema: angesubiri tu, kwani Oktoba 2025 dhahabu ilivuka dola 4,000. Ni kweli. Lakini kilele cha Agosti 2020 hakikuachwa nyuma kwa uthabiti mpaka Machi 2024, miaka zaidi ya mitatu. Deni lake lilikuwa na tarehe, na mstari haukuwa na tarehe yoyote. Hata aliyeona mwelekeo sawasawa hulazimika kuuza kwa hasara, iwapo fedha alizotumia zinadaiwa kabla bei haijarudi.

Mstari wa mwelekeo una kazi yake. Hueleza wanunuzi walivyofanya hadi jana, na faida yake kubwa ni kukuonyesha mahali ambapo ukikatwa utajua umekosea. Kwa hiyo anayeuchora na aandike kando yake, kabla ya kununua: bei ikifika hapa, nauza. Akijikuta anafuta na kuchora upya kila bei inaposhuka, ajue kwamba hapimi tena bei, anaipimia bei tamaa yake. Na kama mstari unapanda mara tatu au nne kuliko ule uliotangulia, agawanye dola kwa siku kama tulivyofanya hapo juu, ajiulize ni nani atakayenunua kwa mwendo huo hadi mwisho.

Kuhusu amana ya mke na mali ya mdai, hizo haziingii katika chati hata kidogo.